Kisa cha Ijumaa: nilipandisha toleo saa 11 jioni, nikarudisha nyuma, kumbe nilichorudisha si kile nilichopandisha

Mzani_wa_Shangani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu, leo nakitua. Ni kirefu, nitashusha kwa vipande, mnivumilie.

Nilikuwa na miezi minane kazini, ofisi moja hapa Mtwara mjini, Shangani. Jina la ofisi halina umuhimu. Tulikuwa watu watatu wa programu: mimi mdogo wao, kaka mmoja wa mambo ya simu, na dada mkuu wetu ambaye ndiye aliyeijenga mifumo yote. Mmoja wa mifumo hiyo ni wa kupokelea korosho. Mkulima anafika chama cha msingi, karani anapima, anaingiza uzito, stakabadhi inatoka. Tulikuwa tunahudumia vyama 19. Vyama 12 karani anatumia kompyuta, anafungua ukurasa wetu kama tovuti. Vilivyobaki 7 wanatumia programu ya simu.

Sasa, zamani karani alikuwa anapima korosho na gunia lake, anatoa uzito wa gunia kichwani, kisha anaingiza uzito uliobaki. Gunia la katani tupu ni kama kilo moja, likiloa linazidi. Makarani wakawa wanakosea kutoa, wengine wanasahau kabisa, korosho zikifika ghala kuu mzani unasoma pungufu kuliko karatasi. Upungufu ule lazima mtu aulipe, na mnajua ugomvi wake. Nikapewa kazi: karani aingize uzito wa mzani kama ulivyo, aingize na uzito wa magunia, hesabu ifanye mfumo.

Nilifanya hivi. Jedwali la `stakabadhi` lilikuwa na safu inaitwa `uzito`. Nikaibadilisha jina ikawa `uzito_ghafi`, nikaongeza safu mpya `uzito_gunia`, stakabadhi zote za zamani nikazipa gunia sifuri ili hesabu yake isibadilike. Nilijiona fundi kwelikweli. Na kwenye faili hilo la kubadilisha jedwali, yaani migresheni, njia ya kurudi niliiandika pia, Laravel inakuwekea nafasi yake:

```php
public function down()
{
    Schema::table('stakabadhi', function (Blueprint $t) {
        $t->dropColumn('uzito_gunia');
        $t->renameColumn('uzito_ghafi', 'uzito');
    });
}
```

Ijumaa ile, tarehe 8 Novemba 2024, msimu umechanganya. Dada mkuu aliondoka saa 9 kwenda Lindi kwenye harusi ya ndugu yake. Aliniachia neno moja tu: "Hiyo ya magunia tutaipandisha Jumatatu, mdogo wangu." Saa 10 na nusu akapiga simu mwenyekiti wa chama kimoja, anaulizia ile ya magunia, kesho ana foleni ya wakulima. Nikamwambia, mzee wangu, jioni hii hii utaiona.

Saa 11 na dakika 6 nikapandisha.

Nakuja.

Mama_Ntilie_Data

Nimeweka mkeka. Usituache njiani kama wale wengine.

Bati_la_Ndanda

Ijumaa saa 11 jioni! Hapo hata usimalizie, kosa limeshajulikana. Ijumaa haipandishwi kitu, kwisha.

Mkorosho_Mkongwe

Samahani mwanzisha uzi, nimeona mnazungumzia stakabadhi za korosho. Mimi nilipeleka gunia 9, mnada umepita wiki ya pili sasa na pesa haijaingia. Hilo tatizo ndilo hili au ni lingine?

Mzani_wa_Shangani

@Mkorosho_Mkongwe shikamoo mzee. Hilo ni lingine, sisi tulikuwa tunashughulika na mapokezi tu, malipo yana njia yake. Anza na katibu wa chama chako.

Tuendelee. Karibu dakika kumi na tano za kwanza kimya. Nikafungua ukurasa, nikaona stakabadhi mpya zinaingia na magunia yake, nikafurahi. Saa 11 na dakika 20 simu ikaita, karani wa upande wa Nanyamba: "Bosi, simu yangu inanikatalia, inasema uzito unahitajika, na uzito nimeuweka!" Sijamaliza kumjibu, mwingine huyu hapa.

Nikashika kichwa. Programu ya simu! Ile inatuma jina la zamani, `uzito`. Seva yangu mpya inasubiri `uzito_ghafi`. Waliokuwa kwenye kompyuta walipata fomu mpya mara tu walipofungua ukurasa, lakini programu iliyo kwenye simu ya karani haibadiliki kwa sababu mimi nimebadilisha seva Shangani. Vyama saba vimesimama, wakulima wapo kwenye foleni, jua linazama.

Nikasema, narudisha. Kurudisha msimbo kwetu ni rahisi, kila toleo lina folda yake na kuna kiungo kimoja kinachoelekeza lipi litumike:

```
ln -sfn releases/20241101 current
```

Saa 11 na dakika 35 nikageuza kiungo, nikaburudisha php-fpm, nikashusha pumzi. Simu zikaanza upya, na safari hii wanapiga hata wale wa kompyuta. Nafungua logi nakuta hii imejaa:

```
SQLSTATE[42S22]: Column not found: 1054 Unknown column 'uzito' in 'field list'
```

Msimbo umerudi wiki iliyopita, databesi imebaki leo. Msimbo wa zamani unaitafuta safu ya `uzito`, na safu hiyo nimeshaibadilisha jina. Vilikuwa vimekwama vyama saba, sasa vimekwama vyote 19.

Bati_la_Ndanda

Ndiyo maana migresheni unaifunga ndani ya muamala. Ikigoma, yote inajirudi yenyewe. Ungetumia `DB::transaction` usingefika hapo.

Fundi_Msimbati

@Bati_la_Ndanda mawili hapo. Kwanza, migresheni yake haikugoma, ilipita vizuri kabisa. Muamala ungethibitishwa na angekuwa palepale. Pili, kama ni MySQL, na kwa eror hiyo inaonekana ni MySQL, kila `ALTER TABLE` inathibitisha muamala papo hapo utake usitake. Unaloliongea lipo PostgreSQL, kule mabadiliko ya jedwali yanakubali kurudi.

Mwanzisha uzi, naogopa kukuuliza ulifanya nini baada ya hapo.

Bati_la_Ndanda

Sawa, mimi nimezoea PostgreSQL. Lakini ya Ijumaa siiachii.

Mzani_wa_Shangani

@Fundi_Msimbati una haki ya kuogopa.

Nilikumbuka nimeandika njia ya kurudi. Lakini sikuwa mjinga kiasi hicho, nilijua ile `dropColumn` inafuta safu na vilivyomo. Nikajiambia, kwanza niangalie kama kuna stakabadhi iliyoingia na magunia tangu nipandishe. Kama hakuna, sina cha kupoteza. Nikaandika:

```
SELECT COUNT(*) FROM stakabadhi
WHERE created_at > '2024-11-08 17:06:00';
```

Ikajibu 0.

Sifuri! Nikamshukuru Mungu. Nikaandika `php artisan migrate:rollback`, ikaniuliza kama nina uhakika kwa kuwa hii ni mashine ya kazi halisi, nikakubali, ikaniambia migresheni haionekani. Bila shaka, nilikuwa ndani ya folda ya toleo la zamani, faili lenyewe liko kwenye folda mpya. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akavuta pumzi. Mimi nikahamia folda mpya, nikaandika tena, nikakubali tena. Saa 11 na dakika 45 safu ya `uzito` ikarudi, mfumo ukawaka, makarani wakaanza kupima, hakuna anayepiga simu.

Nikafunga ofisi. Nikanunua ming'oko ya jero pale njiani nikala natembea. Nilijisikia mtu aliyezima moto.

Mama_Ntilie_Data

Subiri kwanza. Si umesema mwenyewe uliona stakabadhi mpya zinaingia na magunia yake, ukafurahi? Sasa sifuri imetoka wapi?

Mzani_wa_Shangani

Dada, swali hilo ndilo nililoulizwa usiku ule, na sikuwa na jibu. Macho yangu yaliziona. Lakini mtu ukiwa na hofu, namba ikikwambia unachotaka kusikia, unaiamini kuliko macho.

Seva yetu ilikuwa inaandika saa za UTC. Mtwara tuko mbele kwa saa tatu. Saa 11 na dakika 6 jioni yangu ni 17:06 ukutani, kwenye seva ni 14:06. Nilipouliza stakabadhi za baada ya 17:06, kwa seva ilikuwa 14:42. Nilikuwa nauliza habari za saa ambayo haijafika. Ingejibu nini zaidi ya sifuri?

Fundi_Msimbati

Aisee. Hilo limewahi kuniumiza na mimi, kwenye ripoti tu, si kwenye kufuta. Siku hizi nikitaka kujua kipi kimeingia sasa hivi siulizi saa kabisa, naangalia mistari mitano ya mwisho kwa `id`, naisoma kwa macho. Na kabla ya kugusa muda wowote, `SELECT NOW();` kwanza, nijue seva inaishi saa ngapi.

Pweza_Mkavu

Na mimi niseme yangu. Kuna duka la dawa Lindi niliwafungia mfumo wa mauzo, nikabadilisha bei za jumla, mashine ikaanza kuuza panadoli kwa bei ya boksi zima. Nilienda mwenyewe na pikipiki nikazima kompyuta kwa kuchomoa waya. Hayo ya kurudisha toleo sikuwa hata nayajua. Mwenye duka mpaka leo ananiita Injinia Waya.

Mama_Ntilie_Data

😂😂 Injinia Waya, ulihitaji uzi wako mwenyewe.

@Mzani ulijuaje sasa kwamba kuna kosa, ikiwa mfumo ulikuwa unafanya kazi na hakuna anayepiga simu?

Mzani_wa_Shangani

Saa 1 usiku alinipigia karani mmoja mama mtu mzima, mtaratibu sana. Alikuwa anachapa upya stakabadhi ya mkulima iliyoloa. Akaniambia, "Mwanangu, karatasi ya kwanza inasema kilo 481 na nusu, hii ya sasa inasema 487 na nusu. Korosho zimezaa?"

Nikapigwa na ganzi. Kwenye toleo langu jipya, safu ile ilikuwa na uzito wa mzani, gunia ndani yake. Niliporudisha nyuma nilifuta uzito wa magunia, halafu uzito ghafi nikaupa tena jina la `uzito`. Msimbo wa zamani ukaisoma kana kwamba gunia limeshatolewa. Hakuna eror, hakuna chochote chekundu. Stakabadhi 37 zilizoingia kati ya 11:06 na 11:35 zilikuwa zinasema uongo kwa upole kabisa, kila moja imezidi kwa uzito wa magunia yake. Magunia 212 kwa jumla. Yaani zaidi ya kilo 200 za korosho ambazo hazipo popote, na siku zinapofika ghala kuu chama kitaambiwa kimeiba.

Nikampigia dada mkuu. Ngoma zinasikika nyuma. Nikamweleza yote, hata ile ya Jumatatu. Akanyamaza, kisha akaniuliza tu, "Umegusa kitu kingine baada ya hapo?" Nikasema hapana. "Usiguse. Rudi ofisini. Binlogi ipo."

Bati_la_Ndanda

Si mnakuwa na bakapu ya usiku? Unarudisha ile, mchezo umekwisha.

Fundi_Msimbati

Bakapu ya usiku wa Alhamisi haina stakabadhi za Ijumaa jioni, mkuu. Ukiirudisha unapoteza hizo 37 na siku nzima ya Ijumaa juu yake. Bakapu ambayo ingemsaidia ni ile ambayo angeichukua saa 11 na dakika 44, dakika moja kabla ya kubonyeza. Jedwali moja la stakabadhi elfu 48 na kitu unalinakili kwa sekunde chache.

Binlogi ndiyo njia. MySQL 8 inaiwasha yenyewe, na kwa kawaida inatunza siku 30. Kila mstari ulioingia umeandikwa humo kama ulivyokuwa wakati unaingia, hata kama safu imefutwa baadaye.

Mzani_wa_Shangani

Ndivyo hasa. Alinielekeza kwa simu, amejifungia chumba cha mabegi ya maharusi ili anisikie. Kwanza akanifanya ninakili jedwali zima kama lilivyo, baya vilevile. Kisha:

```
mysqlbinlog --base64-output=DECODE-ROWS -v \
  --start-datetime="2024-11-08 14:06:00" \
  --stop-datetime="2024-11-08 14:36:00" binlog.000212
```

Safari hii saa alinitajia yeye. Humo ndani majina ya safu hayapo, zipo namba za nafasi tu, kwa hiyo ilibidi nipange mwenyewe kipi ni kipi kwa kuangalia migresheni. Hii ni moja, nimepunguza:

```
### INSERT INTO `korosho`.`stakabadhi`
### SET
###   @1=48213
###   @4=6
###   @6=487.50
###   @7=6.00
```

Ya kwanza ni namba ya stakabadhi, ya nne idadi ya magunia, ya sita uzito ghafi, ya saba uzito wa magunia. 487.50 toa 6.00 ni 481.50. Ndiyo ile ile ya mama karani! Wakuu, nilitokwa na machozi peke yangu ofisini na feni inazunguka.

Zilikuwa zinafuatana, kutoka 48190 mpaka 48226. Jumla ya magunia ilitoka kilo 214. Nikaandika faili la kurekebisha: kila stakabadhi, `uzito = uzito -` kiasi chake. Nikamsomea. Akasema hapana.

Mama_Ntilie_Data

Hapana kwa nini? Si ndiyo hesabu yenyewe?

Fundi_Msimbati

Nakisia: kama kuna karani aliyeshajirekebishia mwenyewe, utakuwa umemtoa mara mbili. Na faili likikatika katikati ukaliendesha tena, vilevile. Unaandika jibu la mwisho, `uzito = 481.50`, hata ukiliendesha mara kumi ni ileile. Na kabla ya kuandika unaangalia kama uliyomo sasa ndiyo uleule ghafi wa kwenye binlogi. Kama sio, kuna mtu kapita hapo, unaacha unauliza.

Mzani_wa_Shangani

Kaka, ulikuwa harusini nini? Ndiyo maneno yake. Na kweli tulikuta mbili zimeguswa, karani wa chama kingine aliona zimezidi akazibadilisha bila kumwambia mtu. 35 tukaziandika saa 4 usiku, asubuhi nikawapigia makarani mmoja mmoja wakanisomea karatasi zao. Zote 35 zikakubali.

Jumatatu dada mkuu hakunigombeza. Tulikaa chini, tukaigawa ile kazi upya: safu ya `uzito` isiguswe, safu mpya mbili ziongezwe pembeni zikiwa zinaruhusu kuwa tupu, seva ikubali jina la zamani na jipya, na uzito uliotolewa gunia uendelee kuandikwa kwenye `uzito` kama zamani. Hapo ukirudisha msimbo, databesi huigusi kabisa, toleo la zamani linaendelea kusoma kilekile. Safu ya zamani itaondolewa siku simu zote zitakapokuwa na programu mpya. Mpaka leo simu mbili hazijabadilishwa, kwa hiyo safu bado ipo.

Na zile `down` za kufuta, tulizikata zote. Ukiendesha njia ya kurudi kwenye seva ya kazi inakutupia eror ya makusudi.

Bati_la_Ndanda

Hapo kwenye kukata `down` sikubaliani. Kwenye kompyuta yangu ninapojaribu nazihitaji kila siku. Dawa ni kuzuia seva ya kazi, si kuzikata.

Fundi_Msimbati

Ana hoja. Na mimi nitamwongezea: Ijumaa haikumfanyia kitu, ila ilimuondolea mtu wa kuuliza. Kosa lilelile Jumanne saa 4 asubuhi, dada yake yuko meza ya pili, angemwambia "hebu tuone" kabla ya ile ya pili kubonyezwa.

Bati_la_Ndanda

Yaani umekubali kwamba Ijumaa haipandishwi. Asante.

Fundi_Msimbati

Sijasema hivyo. Kwa hesabu hiyo hata Jumanne dada akiwa likizo haipandishwi, na Ijumaa akiwepo inapandishwa. Lakini haya, chukua.

Mama_Ntilie_Data

Na zile mbili zilizoguswa?

Mzani_wa_Shangani

Moja karani aliiweka sawasawa, ikatoka vilevile na ya binlogi. Ya pili bado inanisumbua. Binlogi inasema iliingia na magunia 6. Karani aliibadilisha ikawa 400.50, magunia 5, na karatasi aliyonayo chamani inasema 5. Akasema siku ile gunia moja lilikuwa na unyevu, alimrudishia mkulima akalianike. Tukampigia mkulima, akasema alipeleka sita na akaondoka mikono mitupu. Tuliiacha kama karani alivyoandika, tukampa katibu wa chama maelezo yote mawili. Hilo halikuwa letu kuamua.

Mkorosho_Mkongwe

Huyo mkulima ni wa upande gani? Maana na mimi nilipeleka 9 ila karatasi yangu ina 8, nilidhani nimehesabu vibaya.